Amoniamu kwanza, siki baadaye: kupata enthalpi ya uionishaji kwa mashine ya pH

Kwenye labo nyingi za Bukavu, zoezi hili hufanywa kwa asidi ya asetiki, ile ya siki, kwa kuwa chupa yake ndiyo iko karibu. Mwanafunzi anapima asubuhi maji yakiwa na digrii 17, anapima tena alasiri yakiwa 25, anapata pKa ileile, kisha anadhani mashine imekufa. Mashine ni nzima. Asidi ya asetiki ndivyo ilivyo kwenye joto letu, na sababu yake tutaiona mwishoni. Kwa kuanza, chukua ayoni ya amoniamu. Nayo ni asidi dhaifu, ila pKa yake inashuka wazi joto likipanda.

Hesabu yenyewe ni ya van 't Hoff. Ukiwa na pKa kwenye joto mbili:

```
ΔH = 19.14 × (pKa1 − pKa2) / (1/T1 − 1/T2)
```

Jibu linatoka kwa jouli kwa moli. Ile 19.14 ni 2.3026 mara 8.314, na inaingia kwa sababu pKa ni logi ya kumi, si logi asilia. T ni kelvini. Ukiweka digrii za Selsiasi, namba itatoka tu, lakini haitakuwa na maana yoyote.

Bafa, au tampo kama tunavyozoea kuiita, unaitengeneza bila kugusa chupa ya amonia. Pima gramu 1.07 za kloridi ya amoniamu, yeyusha kwa maji yaliyotoneshwa, ongeza mililita 100 za hidroksidi ya sodiamu ya 0.100 M, kisha jaza maji hadi mililita 200. Soda inageuza nusu ya amoniamu kuwa amonia, kwa hiyo viwili vinabaki sawasawa na pH unayoisoma inakaribia kuwa pKa yenyewe. Itakuwa juu kidogo, kama 0.1, kwa sababu ya chumvi iliyomo. Usihangaike nayo: nyongeza hiyo inabaki karibu ileile kwenye kila joto, na sisi tunatafuta tofauti. Ingekuwa unataka pKa halisi ya kuandika kwenye jedwali, hapo ungelazimika kuisahihisha.

Weka chupa ndani ya beseni la maji. Kwa digrii 15 tia vipande vya barafu, kwa 35 ongeza maji ya moto kidogokidogo. Beseni kubwa linashinda dogo, maana halipoi haraka, na umeme ukikatika katikati ya kazi bado una dakika kadhaa za kusoma. Kipimajoto kiwe ndani ya bafa yenyewe, si kwenye maji ya beseni. Elektrodi nayo inahitaji muda wake: iache ndani ya bafa dakika 10 hadi 15 kabla ya kuamini namba, kwa sababu kioo na kimiminika kilicho ndani yake vinachelewa kufikia joto la nje.

Sasa tuje kwenye kosa linaloharibu zoezi hili kuliko yote. Mashine nyingi zina waya wa joto, na watu wanaamini kwamba waya huo unarekebisha kila kitu. Unarekebisha kitu kimoja tu: milivolti ambazo elektrodi inatoa kwa kila pH moja, yaani 59.16 kwenye digrii 25 na 62.14 kwenye 40. Haujui kwamba bafa yako ya kusawazishia nayo inabadilika pH. Bafa ya boraksi ni 9.18 kwenye digrii 25, lakini ni 9.28 kwenye 15 na 9.10 kwenye 35. Kwa hiyo ukisawazisha kwenye kila joto, na ndivyo inavyopaswa, ingiza namba ya joto lile, si ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwenye chupa.

Tuone kosa hilo linagharimu nini. Thamani zinazokubalika za amoniamu ni pKa 9.564 kwenye digrii 15 na 8.947 kwenye 35. Tofauti ni 0.617. Moja gawanya kwa 288.15, toa moja gawanya kwa 308.15, unapata 0.0002252. Zidisha na ugawanye: kilojouli 52.4 kwa moli, karibu kabisa na 52.2 inayotambulika kwa digrii 25. Aliyeng'ang'ania 9.18 kwenye joto zote mbili atasoma chini kwa 0.10 kwenye baridi na juu kwa 0.08 kwenye moto. Tofauti yake inabaki kama 0.44, na enthalpi inaanguka hadi karibu 37. Ukikuta daftari lenye 37, usitafute mbali, anza na boraksi.

Jibu likizidi, tuseme 60, mshuku amonia iliyotoroka. Kwenye digrii 35 chupa ikiwa wazi inapuruka, na harufu itakuambia. Amonia ikipungua pH inashuka zaidi ya inavyostahili, na mteremko unaonekana mkali. Ziba mdomo wa chupa kuzunguka elektrodi. Kisha rudisha bafa kwenye joto ulioanzia na usome tena: namba isiporudi pale ilipokuwa, bafa si ileile tena, na vipimo vya moto uvitupe.

Sasa turudi kwenye siki. Kati ya vipimo vya kuaminika zaidi vya asidi ya asetiki ni vile vya Harned na Ehlers, vya mwanzoni mwa miaka ya 1930, vilivyofanywa kwa seli yenye elektrodi ya hidrojeni, si kwa elektrodi ya kioo. pKa ni 4.781 kwenye digrii 0, 4.756 kwenye 25, na 4.787 kwenye 50. Inashuka, kisha inapanda. Ukichukua ncha mbili tu, 0 na 50, unapata enthalpi ya −0.2, jibu safi linaloficha kila kitu kilichotokea katikati.

Zigawe mara mbili. Kutoka 0 hadi 25 hesabu inatoa +1.56 kilojouli, na hiyo uihesabu kuwa ya digrii 12.5, katikati ya safari. Kutoka 25 hadi 50 inatoa −2.29, ya digrii 37.5. Enthalpi imeteremka 3.85 ndani ya digrii 25, yaani jouli 154 kwa kila digrii. Huo ndio badiliko la uwezo wa joto wa mmenyuko, na ni hasi: ayoni zinazozaliwa zinashika molekuli za maji na kuzifunga. Kwa mwendo huo enthalpi inapita sifuri karibu na digrii 22.6. Hapo pKa iko chini kabisa na haisogei, na hapo ndipo joto la chumba la Bukavu linapozunguka mchana.

Mashine inayokosea 0.01 kila upande inaweza kupotosha tofauti kwa 0.02, na kwenye pengo la digrii 25 hiyo ni kilojouli 1.2 hadi 1.5. Kwa amoniamu ni kidogo. Kwa asetiki inakaribia kumeza jibu lote. Kwa hiyo kwa siki andika tu kwamba enthalpi iko karibu na sifuri, na ukinakili −0.4 ya majedwali, iandike pamoja na digrii 25 zake, kwa kuwa kwenye digrii 10 hata alama yake ni nyingine.