Nyambizi haikai katikati ya maji kwa kujaza matangi nusu

Swali: "Wakuu, nyambizi ikitaka kukaa mita 50, si juu si chini, huwa wanajaza matangi maji nusu halafu wanafunga? Na kurudi juu wanasukuma hewa tu?"

Nusu hapana, ndugu yangu. Mimi nimefanya kazi ya balasti, yaani maji yanayotiwa matangini kuipa meli uzito, kwenye meli za mizigo, hapa Kilindini na nje, na kwenye meli zetu tangi la nusu ni jambo la kila siku. Kwa nyambizi ni hatari, na ukishaelewa sababu yake, mengine yote yanafunguka.

Niitumie Kursura, nyambizi ya zamani ya India iliyoundwa Urusi, ambayo sasa ni makumbusho pale ufukweni Visakhapatnam. Meli yetu ilipotia nanga huko nilikwenda kuiona. Ina urefu wa mita 91. Ikiwa juu ya maji inasukuma tani kama 1,950 za maji, ikiwa chini karibu 2,475. Tofauti yake, tani 525 hivi, ndiyo maji yanayoingia kwenye matangi makuu ya balasti. Matangi haya yako nje ya lile ganda nene ambamo watu wanaishi. Chini yana matundu ya kuingizia bahari, juu yana vali za kutolea hewa. Nyambizi inapoelea, kinachozuia maji yasipande ni hewa tu iliyonaswa ndani. Vali za juu zikifunguliwa, hewa inatoka kwa kishindo, maji yanapanda kutoka chini, na chombo kinazama. Matangi yakishajaa, vali zinafungwa tena palepale, ili hewa ikihitajika wakati wowote iwe na pa kukaa.

Sasa tuseme umebakiza hewa kidogo ndani, kama unavyofikiria wewe. Chukua chupa tupu, igeuze mdomo chini, isukume ndani ya maji: kadiri unavyoishusha, hewa ndani yake inabanwa na maji yanapanda. Tangi lililo wazi chini linafanya hivyohivyo. Kila mita 10 za kina zinaongeza mgandamizo wa karibu baa 1, juu ya baa 1 ya hewa ya kawaida. Tuseme uko mita 20, penye baa 3, na umebakiza mita za ujazo 120 za hewa, na chombo kimesawazika kabisa. Wimbi likikushusha hadi mita 30, penye baa 4, ile hewa inakuwa mita za ujazo 90. Mita za ujazo 30 zilizopotea zimeshikwa na maji, kwa hiyo umeongezeka uzito karibu tani 31 bila mtu kugusa kitu. Uzito huo unakushusha zaidi, hewa inabanwa zaidi, unazidi kwenda. Ukipanda kidogo inakuwa kinyume: hewa inapanuka, unakuwa mwepesi, unarushwa juu. Hakuna mahali pa kutulia. Ndiyo maana matangi makuu yanajazwa kabisa chombo kikiwa chini na kukaushwa kabisa kikiwa juu.

Kina chenyewe kinashikwa na vitu vingine viwili. Kwanza ni matangi madogo yaliyofungwa, ambayo maji yake huingizwa au kutolewa kwa kipimo, kwa vali na pampu. Kuna tangi la kurekebisha uzito karibu na katikati ya chombo, na kuna matangi ya trimu, yaani ya kusawazisha uzito wa mbele na nyuma, moja omo kule mbele na moja tezi kule nyuma, yaliyounganishwa kwa bomba. Ukihamisha maji kutoka omo kwenda tezi, uzito wote unabaki uleule ila pua inapanda. Chini ya maji nyambizi ni nyepesi sana kuinama, kwa sababu haina tena ule mstari wa maji unaoishika meli juu. Mabaharia kumi wakitoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma, aliyekaa kwenye usukani wa mapezi ataona pembe imebadilika.

Cha pili ni hayo mapezi yenyewe, yanayoinamishwa juu au chini. Yanahitaji mwendo, kwani bila maji kupita juu yake hayana nguvu.

Hapa pana jambo ninalolipenda sana katika kazi hii. Mwendo mkali unaficha makosa ya balasti. Nyambizi inaweza kuwa nzito kwa tani kadhaa na mapezi yakaibeba bila shida. Kwa hiyo wakitaka kujua ukweli wanapunguza mwendo na kutazama. Ikiwa lazima pua iinuliwe muda wote ndipo kina kisishuke, chombo ni kizito, na maji yatolewe. Ikiwa uzito ni sawa lakini mapezi ya nyuma lazima yashikiliwe upande mmoja ili chombo kilale sawa, basi uzito umegawanywa vibaya, na maji yahamishwe baina ya omo na tezi. Trimu nzuri ni ile ambayo mwendo ukiwa mdogo mapezi yanakaa karibu katikati.

Na trimu haidumu. Sisi tunapopima mzigo wa meli kwa kusoma kina chake Kilindini, kwanza tunateka maji kwa ndoo na kuyapima kwa haidromita. Masika, Mto Mwache ukimwaga maji yake Port Reitz, maji yanakuwa mepesi kuliko ya bahari kuu, na meli inazama kidogo zaidi. Juu ya maji hilo ni sentimita chache. Chini ya maji ni habari nyingine. Sehemu iliyofungwa ya Kursura inasukuma mita za ujazo kama 1,900. Ikitoka kwenye maji ya kilo 1,025 kwa mita ya ujazo na kuingia kwenye ya kilo 1,020, inapoteza nguvu ya kuelea ya tani 9 na nusu. Pampu ni lazima zitoe kiasi hicho, la sivyo itaanza kushuka. Mafuta nayo yana yake: kwenye nyambizi nyingi za dizeli, mafuta yanayotumika nafasi yake inachukuliwa na maji ya bahari. Ukichoma mita za ujazo 10 za dizeli, chombo kinaongezeka uzito karibu tani 1.75, maana maji ni mazito kuliko dizeli.

Kurudi juu: ni kweli hewa inasukumwa, lakini siyo kutoka kina chochote kwa bei moja. Kuondoa mita za ujazo 500 za maji ukiwa mita 100, penye baa 11, unahitaji hewa ya kawaida mita za ujazo 5,500. Ukiwa mita 10 unahitaji 1,000 tu. Kwa hiyo kwa kawaida wanapanda kwanza kwa mwendo na mapezi, kisha wanafungulia hewa ya mitungi wakiwa karibu na juu.

Kupuliza ukiwa chini kabisa ni kwa dharura, na hata hapo hewa inaweza kukataa. Nyambizi ya Marekani iitwayo Thresher ilizama Atlantiki tarehe 10 Aprili 1963 na watu 129. Baadaye mfumo wa hewa ulijaribiwa gatini kwenye nyambizi ya aina yake, Tinosa. Hewa ya mitungi ilikuwa na unyevu, na ilipopanuka kwa kasi ikapoa hadi barafu ikaziba vichujio vya kwenye bomba. Tangu hapo ukaushaji wa hewa hiyo ukachukuliwa kwa uzito mkubwa.

Mnara ukishatoka majini, mitungi inafungwa ili kutunza hewa. Maji yaliyobaki yanasukumwa na kipulizaji cha mgandamizo mdogo, kinachovuta hewa ya nje, hadi matangi yakauke.