Kwenda 60, kurudi 40, wastani 48

*Mwalimu, kamyo yetu inakwenda Likasi tupu kwa mwendo wa 60, inarudi Lubumbashi na mzigo kwa 40. Kwenye daftari nimeandika wastani 50. Bosi amekata, ameandika 48. Njia si ni ile ile? Hiyo 48 imetoka wapi?*

Ndugu yangu, bosi wako amepiga hesabu sawa. Njia ni ile ile, lakini saa si zile zile, na mwendo tunaupima kwa saa.

Tuchukue Lubumbashi hadi Likasi kuwa kilomita 120. Kwenda kwa 60, shofa anatumia saa mbili. Kurudi kwa 40, anatumia saa tatu. Sasa jifanye umekaa pembeni yake na daftari, na kila saa moja ya safari ikiisha unaandika mshale wa spidomita ulisimama wapi. Ukurasa wako utasomeka 60, 60, 40, 40, 40. Jumlisha: 240. Gawa kwa saa tano: 48. Unaona mwenyewe kwamba 40 imeandikwa mara tatu na 60 mara mbili tu. Wewe ulipojumlisha 60 na 40 ukagawa kwa mbili, ulizihesabu kama zimekaa barabarani muda sawa.

Hiyo 50 yako ingekuwa kweli kama shofa angeendesha saa mbili kwa 60 na saa mbili kwa 40. Lakini saa mbili kwa 40 ni kilomita 80. Kamyo ingekuwa bado njiani, imebakiza kilomita 40 kufika Lubumbashi, na hiyo saa moja ya mwisho ndiyo inayoshusha wastani.

Urefu wa njia haubadilishi jibu. Ukiwa na kilomita 60 tu, ni saa moja kwenda na saa moja na nusu kurudi: 120 gawa kwa 2.5, tena 48. Ndiyo maana kuna njia fupi, ambayo inafaa tu pale kwenda na kurudi ni umbali mmoja:

```
2 × 60 × 40 / (60 + 40) = 48
```

Tofauti ya 2 inaonekana ndogo, lakini angalia mvua ikiharibu barabara na kamyo irudi kwa 20. Kwa hesabu yako wastani ni 40. Kwa kweli ni saa mbili kwenda na saa sita kurudi, 240 gawa kwa nane, yaani 30. Ukimwambia mteja mzigo utafika kwa kutumia ile 40, unamwahidi safari ya saa sita, naye atangoja nane.

Tena, hiyo 48 ni ya magurudumu yanayozunguka. Kama mnapakia Likasi kwa saa moja na bosi anataka wastani wa safari nzima, gawa 240 kwa saa sita: unapata 40. Muulize anataka upi kabla hujaandika.