Mtoto yuko "Chini ya Matarajio": nimwandikie mwalimu nini?

Swali: Mwanangu wa Gredi ya 3 ameleta ripoti, na Hisabati ameandikiwa Chini ya Matarajio. Nataka kumwandikia mwalimu lakini naogopa ataona namlaumu. Niandike nini? Na nyumbani nimsaidie vipi, ilhali nafika saa moja jioni? – Mama, Kayole

Jibu: Kabla hujashika kalamu, mama, toa daftari lake la hesabu uyatazame makosa yenyewe. Chini ya Matarajio ni ngazi ya mwisho kati ya nne. Inakuonyesha mtoto alipo, haisemi kilichomfikisha hapo. Ukiuliza tu "mbona anaanguka?", utajibiwa "atie bidii". Nimefundisha madarasa ya chini miaka mingi, na jibu hilo nimeliandika mwenyewe jioni, mbele ya rundo la madaftari.

Tuseme swali ni hili: Mama alikuwa na machungwa 52, akauza 27. Amebaki na mangapi? Jibu ni 25. Mtoto akiandika 79, amejumlisha, maana yake swali hakulielewa. Akiandika 35, swali amelielewa vizuri, shida iko kwenye kutoa: ameona 2 haitoi 7, akageuza akafanya 7 toa 2, akapata 5, kisha 5 toa 2, akapata 3. Kwenye daftari yote mawili yamepigwa mkasi mwekundu, na huwezi kuyatibu kwa dawa moja.

Kama makosa yake ni ya aina ya 79, endelea kuchunguza, kwa sababu vitabu vingi vya Hisabati vimeandikwa kwa Kiingereza. Mwache asome swali mwenyewe. Akikosa, msomee wewe kama lilivyoandikwa. Akikosa tena, mwelezee kwa Kiswahili. Akipata uliposoma wewe, kinachomkwaza ni kusoma. Akipata kwa Kiswahili pekee, ni Kiingereza. Fanya hivyo kwa maswali matano au sita, si moja, na uso wako usimwambie jibu. Watoto wanasoma uso wa mama kuliko kitabu.

Sasa andika. Tumia dayari ya mtoto au ujumbe kwa simu ya mwalimu, kamwe si kwenye grupu ya wazazi. Iwe fupi namna hii:

*"Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni mama ya (jina), Gredi ya 3. Nimeona ripoti yake ya Hisabati. Wiki hii tumefanya maswali sita ya kutoa nyumbani. Manne alikosa, na yote manne yalikuwa ya kukopa: 52 toa 27 aliandika 35. Yasiyo ya kukopa alipata. Je, darasani unaona hivyo hivyo? Ningependa kujua unavyowafundisha kukopa, nisije nikamchanganya. Nafika nyumbani saa moja. Naweza kukaa naye dakika 15 kila jioni. Nikija Ijumaa asubuhi kabla ya kengele, nitakupata? Asante."*

Hapo hakuna lawama, na mwalimu mwenye watoto sitini umemfanyia nusu ya kazi. Sentensi ya kukopa usiiache. Wewe ulifundishwa kwa njia yako, yeye huenda anafundisha kwa nyingine, na mtoto aliyepewa njia mbili kwa wiki moja hupoteza zote.

Kwa kosa la 35, dakika hizo 15 tumia pesa. Mpe sarafu 5 za shilingi 10 na maharagwe 2 yawe shilingi moja moja. Mwambie akulipe 27. Atatoa sarafu mbili, kisha atakwama kwenye 7. Nyamaza. Mtoto anayetumwa dukani atakuambia mwenyewe: "Hakuna chenji." Mbadilishie sarafu moja kwa maharagwe 10, sasa ana maharagwe 12, anatoa 7, yanabaki 5, pamoja na sarafu mbili. Ndipo aandike hesabu ile ile kwenye karatasi huku sarafu zikiwa mezani. Maswali matatu kwa jioni yanatosha. Ukimwona anasinzia, achana nayo, maana saa mbili usiku na kofi havijawahi kufundisha mtu kukopa.

Kama shida ni kusoma, acha hesabu kwanza. Asome aya moja fupi jioni tatu mfululizo, nawe uhesabu maneno anayosoma sawasawa kwa dakika moja. Idadi ikipanda, ingia aya nyingine.

Andika tarehe, alichopata na alichokosa, na baada ya wiki tatu mpelekee mwalimu karatasi hiyo. Ikiwa hakuna kilichosogea, au mtoto anashindwa kusoma hata Kiswahili chepesi, mpime macho na masikio, kisha umwombe mwalimu akuelekeze EARC, kituo cha kutathmini watoto wenye ugumu wa kujifunza. Nenda na karatasi hiyo hiyo; ndiyo watakayoanza kuuliza.