Usukani wa G29 unazunguka, lakini PS5 haiuoni

Swali: Fundi, nimenunua Logitech G29 ya mtumba hapa Mwanjelwa. Nikiichomeka kwenye PS5 inajizungusha kushoto na kulia, halafu Gran Turismo 7 haiioni kabisa. Kwa rafiki yangu ilikubali, ila usukani ulikuwa mzito mno; nguvu aliweka 10. Nifanyeje? – Msomaji, Uyole

Jibu: Huko kujizungusha ni habari njema, ndugu yangu. Maana yake adapta ya umeme na mota ni nzima. Kinachogoma ni utambulisho.

Juu ya usukani kuna swichi ndogo iliyoandikwa PS3 na PS4. Ikiwa upande wa PS3, PS5 haitaukubali. Chomoa waya wa USB, sukuma swichi iende PS4 (PS5 hutumia upande huohuo), kisha chomeka tena. Usiguse usukani wala pedeli mpaka umalize kujizungusha na kutulia katikati. Halafu bonyeza kitufe cha PS kilichopo kwenye usukani wenyewe, uchague jina lako. Wengi husahau hatua hii. Wanabonyeza padi, na usukani unabaki hauna mwenyewe. Mwisho kanyaga kila pedeli mpaka chini mara moja.

Kama swichi hiyo haipo na vitufe vimeandikwa A, B, X, Y, basi uliuziwa G920. Hiyo ni ya Xbox, na hakuna mpangilio utakaoifanya PS5 iikubali, kwa sababu konsoli hukagua kama kifaa kina kibali chake. Irudishe mapema.

Sasa uzito. Kwenye mipangilio ya gemu kuna `Force Feedback Max. Torque` na `Force Feedback Sensitivity`. Ya kwanza ndiyo nguvu yenyewe. Mota ya G29 ni ndogo, hivyo ukiweka 10 inafika kikomo mapema. Ukiingia kona ndefu, usukani unakaza na kubaki hivyohivyo. Tairi zikianza kuteleza hupati habari. Aliyewahi kushuka Kitonga na gari halisi anajua kwamba tairi za mbele zikipoteza mshiko, usukani hulegea mkononi. Wepesi huo ndio unaoutafuta, nawe ukiweka 10 unaufunika.

Anza na 5. Chukua gari moja na kona moja ya kasi, uirudie. Ukiwa katikati ya kona, kata usukani zaidi ya inavyohitajika. Ukihisi umelegea kidogo, upo sawa. Ukibaki mzito uleule, au ukipanda ukingo wa barabara usihisi mtikisiko, shusha hadi 4 ujaribu tena. Usibadilishe vyote viwili kwa pamoja, hutajua kipi kimesaidia.

Hiyo ya pili huongeza mitikisiko midogo. G29 hutumia gia ndani, kwa hiyo ikizidi utasikia kelele za gia kwenye barabara iliyonyooka. Ipunguze mpaka zitulie.