Vigae na mito kwenye kontena la kushirikiana: W/M inahesabiwaje?

"Naleta Mombasa vigae paleti 2 na mito ya makochi katoni 30 kutoka Guangzhou, kontena la kushirikiana. Ajenti kaandika W/M 6.0. Mimi napata 5.5. Nani kakosea?"

Inategemea mzigo umehesabiwa kwa pamoja au kila bidhaa peke yake. W/M ni uzito au ujazo: kwa bahari, mita 1 ya ujazo husimama sawa na kilo 1,000, na unalipia upande uliozidi.

Tuseme kila paleti ni sentimita 110 × 110 × 80 na kilo 1,200. Mbili zinatoa mita za ujazo 1.936 na tani 2.4, kwa hiyo vigae vinalipiwa kwa uzito. Katoni ya mito ikiwa 60 × 40 × 50, zote 30 ni mita za ujazo 3.6 na kilo 270 hivi, kwa hiyo mito inalipiwa kwa ujazo. Kila kitu kikisimama kivyake: 2.4 + 3.6 = 6.0. Ndiyo hesabu ya ajenti wako. Ukijumlisha kwanza, ujazo ni 5.536 na uzito tani 2.67, hivyo unalipia 5.536, ile 5.5 yako. Uzito wa vigae umemezwa na wepesi wa mito.

Ili upate hiyo, mwambie ajenti kabla ya kupakia kwamba vyote viingie kwenye B/L moja, yaani hati moja ya shehena, kwa jina la mpokeaji mmoja, na bei aliyokupa ihesabiwe kwa jumla ya B/L. Ukiwa na B/L mbili huna hoja. Na kama bidhaa zote mbili ni nyepesi, kuziunganisha hakubadilishi kitu, labda kukuepusha na kima cha chini mara mbili.

Ila usishangilie mapema, maana mito huvimba. Ghala la kule hupima katoni ikishafungwa, pale ilipotokeza zaidi, wala halijali ulichoandika kwenye orodha ya upakiaji. Kila upande ukitokeza sentimita 1 tu, katoni inakuwa 62 × 42 × 52, zote 30 zinafika 4.06, na jumla yako inarudi 5.998. Faida yote imekwisha! Waambie wapunguze mito kwenye kila katoni au waikaze kwa mifuko ya kunyonya hewa, kisha udai picha za katoni zikiwa na futi ya kupimia. Paleti nayo hupimwa kuanzia sakafuni, pamoja na mbao zake.

Vipimo hivyo vidai kabla kontena halijafungwa. Likishafunguliwa kwenye ghala la makontena, CFS, hapa Mombasa, katoni zimebonyea na hakuna atakayekubali kupima upya, wakati bili za huku nazo mara nyingi hufuata W/M ileile.

Kuna bei ya kuunganisha: karatasi za KEBS za vigae zikiwa na kasoro, mito inaweza kukwama nayo kwenye B/L hiyohiyo, na ghala linaendelea kuhesabu siku kwa mzigo wote. Kama vigae havijakamilika karatasi, mimi ningelipa hiyo 6.0 nikavitenganisha.