Mkoa wa tatu ni upi? Nguzo zipangwe kwa ukubwa au kwa alfabeti

Wiki iliyopita msomaji mmoja, kijana wa takwimu katika halmashauri fulani, aliniandikia: "Kaka, mkuu wangu wa idara amenirudishia chati. Nilipanga mikoa kuanzia yenye watu wengi kwenda yenye watu wachache, yeye anataka ifuate alfabeti. Anasema ndivyo inavyoonekana kuwa ya haki. Nifanyeje?"

Nilicheka kidogo, halafu kicheko kikanikauka. Chati ya namna hiyo iliwahi kuniaibisha mbele ya watu, na hata leo nikikumbuka masikio yanapata moto.

Ilikuwa 2023, Dodoma, kwenye ukumbi wenye viyoyozi vinavyopiga kelele kuliko mzungumzaji. Nilikuwa nimechukua matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 nikachora chati ya nguzo ya mikoa 26 ya Tanzania Bara. Rangi nzuri, maandishi makubwa, kila kitu mahali pake. Mikoa niliipanga kwa alfabeti, Arusha mwanzo na Tanga mwisho. Kusema kweli hata sikuipanga mimi. Programu ndiyo iliyoipanga, mimi nikaona imekaa vizuri nikaiacha.

Mzee mmoja aliyekaa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Mwanangu, Dar es Salaam tunaijua. Inayofuata ni ipi? Na ya tatu?"

Swali jepesi kabisa. Nikageukia ukuta. Dar es Salaam ilikuwa nguzo ya pili, ndefu, inaonekana hata na aliyesinzia. Mwanza nikaipata baada ya kuhangaika, kule kwenye nafasi ya 16. Kwa ya tatu macho yalianza kuruka. Morogoro ilikuwa ya 14, karibu na Mwanza, kwa hiyo niliweza kuzilinganisha. Tabora ilikuwa ya 25, kule pembeni kabisa, karibu na ukingo wa skrini. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejua, "Ya tatu ni Morogoro, mzee."

"Mimi natoka Nzega," akajibu.

Ukumbi mzima ukacheka. Tabora ilikuwa na watu milioni 3.39 na Morogoro milioni 3.20. Tofauti ni karibu watu laki mbili. Nilikuwa nimeichora mwenyewe, na mwenyewe nikashindwa kuiona. Kiongozi wangu hakusema neno siku ile, lakini wasilisho lililofuata alipewa mwenzangu. Sijasahau.

Sasa tuangalie kosa lilikuwa wapi hasa. Jicho la binadamu hulinganisha vizuri nguzo mbili zikiwa zimesimama bega kwa bega. Ukiweka nyingine kumi katikati, linabeba urefu wa ya kwanza kichwani, linasafiri, na likifika limeshasahau. Alfabeti huzitenganisha nguzo kwa sababu isiyohusiana kabisa na swali lililoulizwa. Tabora na Morogoro zilitenganishwa na mikoa kumi kwa kuwa moja inaanza na T na nyingine na M. Hiyo ndiyo sababu pekee.

Nikaichora upya usiku uleule hotelini, nikiwa na hasira. Nguzo nikazilaza ili majina yasomeke bila kupinda shingo, nikazipanga kwa ukubwa: Dar es Salaam milioni 5.38, Mwanza 3.70, Tabora 3.39, Morogoro 3.20, Dodoma 3.09. Majibu ya mzee yakawa mistari mitatu ya juu. Zaidi ya hapo nikaona jambo ambalo chati ya kwanza ilinificha: baada ya Dar kuna shimo, halafu mikoa inashuka pole pole kama ngazi. Kwenye alfabeti umbo hilo halikuwepo, kulikuwa na meno ya msumeno tu.

Kwa wanaotumia R, kazi yote iko kwenye neno moja:

```r
ggplot(mikoa, aes(x = watu, y = reorder(mkoa, watu))) +
  geom_col()
```

Bila `reorder`, R hupanga maneno kwa alfabeti bila kukuuliza. Kwenye Excel unapanga jedwali kwanza, kubwa kwenda dogo, kisha unachora. Utashangaa kuona nguzo zilizolala zimetoka kichwa chini, Dar es Salaam ikiwa mwisho kabisa. Si kosa lako. Excel huanza kuchora kutoka chini. Fungua `Format Axis` ya upande wa majina uweke alama kwenye `Categories in reverse order`.

Kuna mtego mmoja hapo uliowahi kunigharimu jioni nzima. Ukichagua safu ya idadi peke yake ukaipanga, Excel itakuuliza kama ipanue uchaguzi. Ukijibu `Continue with the current selection`, namba zinahama na majina yanabaki. Arusha inapewa watu wa Dar es Salaam, na chati inatoka safi kabisa, imepangwa vizuri, ya uongo mtupu. Njia ya kugundua ni kushika mkoa mmoja unaoujua na kuuangalia kabla na baada. Mimi hushika Njombe, iliyo ndogo kuliko yote ya Bara, haifiki hata milioni moja. Nikiiona si ya mwisho, najua nimeharibu.

Basi, nikawa mlokole wa kupanga kwa ukubwa. Kila chati iliyopita mezani kwangu, naipanga. Na hapo ndipo nikajikwaa mara ya pili, safari hii kwa kiburi.

Tulikuwa na chati ya watu kwa makundi ya umri, miaka 0-4, 5-9, 10-14, hadi wazee. Nikaipanga kwa ukubwa. Mama mmoja mtaalamu wa afya, mpole sana, akaniita pembeni. "Mdogo wangu, nataka kuona watoto wanaoingia darasa la kwanza miaka mitano ijayo. Watoto wako wapi hapa?" Makundi yalikuwa yamechanganyika. Jirani ya 0-4 inapaswa kuwa 5-9, kwa sababu wa leo ndio watakaokuwa hao baadaye. Mpangilio wa umri umeshabeba maana kabla hujachora chochote, na umbo la watu wa nchi husomeka kwa kufuata miaka. Mimi niliuvunja ili nguzo zishuke vizuri.

Hapa alfabeti nayo haikuokoi. Kompyuta ikiyachukulia makundi haya kama maneno, 10-14 inakuja kabla ya 5-9, kwa sababu 1 iko kabla ya 5. Kundi la 5-9 linajikuta huko kwenye miaka hamsini, watoto wamekaa na wazee barazani. Ukiona hivyo, ujue hakuna aliyepanga. (Excel ina vituko vyake pia: ukiandika 5-9 inaweza kukugeuzia kuwa tarehe. Andika ukiwa umeifanya seli iwe ya maandishi kwanza.) Dawa ni kuutaja mpangilio wewe mwenyewe:

```r
ngazi <- c("0-4", "5-9", "10-14", "15-19", "20-24")
data$umri <- factor(data$umri, levels = ngazi)
```

Orodha hiyo iendelee hadi kundi la mwisho, maana kundi lolote utakalosahau litageuka `NA` na kupoteza jina lake. Miezi ni vivyo hivyo, la sivyo mwaka wako utaanza Agosti, ufuate Aprili, kisha Desemba. Majibu ya dodoso pia. "Nakubali" na "Nakubali kabisa" yana ngazi, na ngazi ikivurugwa msomaji hajui tena watu wanaegemea wapi. Kwa hiyo kabla ya kupanga jiulize: majina haya yangekuwa na mpangilio wao hata kama sina namba yoyote? Umri unao. Mikoa haina.

Hapo nadhani mkuu wa kijana wetu atanikatiza, na ana haki. Mikoa inao mpangilio wa kiofisi. Majedwali ya sensa hayafuati alfabeti wala ukubwa, yanafuata namba za mikoa: Dodoma 01, Arusha 02, Kilimanjaro 03, hadi Songwe 26. Mtu aliyezoea majedwali hayo hujua Mara iko wapi bila kutafuta. Kwa jedwali la kiambatisho, ambako kila mtu anatafuta mkoa wake, namba hizo zinafaa, na alfabeti pia inafaa. Ila kwenye jedwali mtu anatafuta namba moja. Kwenye chati analinganisha.

Mpangilio wa mikoa hubaki palepale pia pale chati zinapokuwa zaidi ya moja. Ukiweka 2012 na 2022 sambamba na kila moja ukaipanga kwa ukubwa wake, mikoa itarukaruka na msomaji atakesha akiitafuta. Chagua mwaka mmoja, mimi huchagua wa karibuni, upange kwa huo, na mwingine uufuate vilevile. Kisha mtazame Mbeya. Mwaka 2012 ilikuwa ya tatu nchini, ikiwa na watu milioni 2.71. Mwaka 2022 imeshuka hadi ya 12, ikiwa na milioni 2.34. Watu hawakukimbia. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya. Chati iliyopangwa kwa ukubwa itatangaza anguko hilo kwa sauti kubwa, na usipoweka maelezo chini yake utakuwa umepotosha watu kwa namba sahihi.

Na usiiabudu nafasi. Kagera na Geita mwaka 2022 zilipishana kwa watu kama elfu kumi na mbili, kila moja ikikaribia milioni tatu. Chati itaiweka Kagera ya sita na Geita ya saba, na kuna mtu atasimama bungeni kuizungumzia. Ikiwa namba zako zimetoka kwenye sampuli badala ya sensa, pengo dogo namna hiyo linaweza lisiwepo kabisa, na mwaka ujao nafasi zikabadilishana bila chochote kutokea mikoani.

Kuhusu haki, nilimwambia kijana amuulize mkuu wake kwa adabu: haki kwa nani? Alfabeti humweka Arusha mbele daima na Tanga nyuma daima. Nikamshauri apeleke zote mbili, chati ya ukubwa kwenye ukurasa wa mbele, jedwali la alfabeti kwenye kiambatisho, na mkoa wao aupake rangi tofauti ili mkuu auone bila kuutafuta.

Juzi amejibu. Mkuu amekubali, ila anataka nguzo ya "Haikutajwa" iondolewe juu, kwa sababu imekuwa ya nne kwa ukubwa kwenye chati nyingine ya vyanzo vya maji na inaonekana vibaya. Nimemwambia hapo mkuu yuko sahihi nusu. "Haikutajwa" na "Nyinginezo" hukaa mwisho hata zikiwa kubwa, kwa kuwa si kitu kimoja cha kulinganishwa na kisima au bomba. Lakini zisifutwe. Na kama isiyotajwa imefikia kuwa ya nne, kabla ya kuhangaika na mpangilio arudi akaangalie fomu zilijazwaje.