Alama za ramani ya umeme: mstari kati ya swichi na taa si waya

*"Wakuu, naanza kujifunza umeme wa majumbani. Nimepewa ramani ya chumba kimoja. Kuna duara lenye X ndani, vijiduara vyenye vijiti viwili mlangoni na kitandani, nusu duara mbili ukutani, na mistari iliyopinda. Naisomaje?"*

Mkuu, duara lenye X ni taa ya dari. Ungeona mstari mrefu wenye vikato vifupi kwenye ncha zote mbili, hiyo ingekuwa taa ya tyubu. Kabla ya hapo lakini, angalia pembeni au chini ya karatasi kama kuna kisanduku cha maelezo ya alama. Wachoraji hawafanani, na kisanduku hicho ndicho chenye neno la mwisho kwa ramani uliyoishika. Ninayoeleza hapa ni mtindo niliouzoea kwenye ramani nyingi za huku Mtwara.

Mstari uliopinda kutoka swichi kwenda kwenye taa ndio unaowapoteza wengi. Huo si waya. Unasema tu kwamba swichi hii inatawala taa ile. Hauonyeshi paipu inapita wapi wala nyaya ni ngapi. Nyaya zenyewe huonyeshwa kwenye mchoro wa saketi, na huko nukta nene penye makutano ina maana nyaya zimeungwa. Mistari ikikatana bila nukta, zimepishana tu.

Sasa swichi. Kijiduara chenye kijiti kimoja kilichoinama, na kikato kifupi kwenye ncha ya kijiti, ni swichi ya kawaida, wanwei. Vijiti vikiwa viwili, tazama vinaelekea wapi. Vikiwa upande mmoja kama herufi V, hiyo ni gengi mbili: kibao kimoja chenye swichi mbili, kila moja na taa yake. Kimoja kikipanda upande huu wa kijiduara na kingine kikishuka upande wa pili, kama mstari mmoja uliopita katikati, hiyo ni tuwei: taa moja inayowashwa na kuzimwa kutoka sehemu mbili. Yako, kwa kuwa ipo mlangoni na kitandani na zote zinaelekea taa moja, nina hakika ni tuwei, lakini ithibitishe kwa vijiti vyenyewe.

Nasisitiza hapo kwa sababu kosa hilo lilitokea nyumbani kwetu Mikindani. Ramani ya chumba cha mama ilikuwa kama yako: taa moja katikati, tuwei mlangoni, tuwei kitandani. Fundi aliona mstari unatoka swichi ya mlangoni kwenda taa, mwingine unatoka ya kitandani, akaichukua mistari ile kuwa nyaya na vijiduara kuwa swichi za kawaida. Akapeleka moto swichi ya mlangoni, akautoa hapo kwenda swichi ya kitandani, kisha taa. Siku ya kujaribu taa iliwaka vizuri, tukaagana naye. Usiku mama akazima ya kitandani akalala. Kesho yake jioni akaingia, akabonyeza ya mlangoni, giza. Ikabidi apapase mpaka kitandani awashe ile nyingine. Taa ikiwaka pale tu swichi zote mbili zimewashwa, ujue zimefungwa zikifuatana, moto unapita moja ndipo ufike ya pili. Hiyo siyo tuwei hata kama vibao vinafanana kwa mbele.

Tofauti ipo nyuma ya kibao. Wanwei ina sehemu mbili za kufunga waya, tuwei ina tatu, na mara nyingi zimeandikwa COM, L1 na L2. Kwa chumba chako fuata hivi kwa penseli: moto unatoka kwenye breka ya taa, unafika boksi la dari, unashuka mlangoni na kuingia COM. Kutoka L1 na L2 za mlangoni zinatoka nyaya mbili, zinapanda darini na kushuka kitandani, zinaingia L1 na L2 za kule. Kutoka COM ya kitandani waya mmoja unapanda kwenda kwenye taa. Nyutro haigusi swichi yoyote, inakwenda moja kwa moja kwenye taa. Kwa hiyo, ukiacha ethi, kila boksi la swichi lina nyaya tatu, na ramani haikuchora hata moja kati ya hizo.

Kwa mama kila boksi lilikuwa na nyaya mbili. Fundi wa pili alizima meni swichi, akapima kwa testa kuhakikisha pamekufa, akabadilisha vibao na kuongeza waya mmoja kila upande. Mlangoni ulipita bila shida. Kitandani paipu ilikuwa imebonyea kwenye kona, ikabidi tuvunje plasta kama mita moja kwenye ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Baada ya kufunga, taa ikawa inakubali swichi ya mlangoni pale tu ya kitandani ikiwa upande fulani. Aliposikia hivyo alifungua kibao cha kitandani kwanza, na kweli waya wa L1 ulikuwa umeingia COM. Akaubadilisha, ikakaa sawa.

Nusu duara ni soketi. Ione kama kifuu cha nazi: kitako kimeelekea ukutani na kuungwa nao kwa kijiti, mdomo umetazama chumbani. Upande huo ni muhimu kwenye ukuta wa kugawana vyumba, maana kifuu kilipo ndiko soketi inakofungwa. Niliwahi kuona soketi iliyotakiwa sebuleni imetokea chooni kwa kutolitazama hilo. Kikato kinachopita kwenye kitako cha kifuu ni ethi. Kijiti kilichoinama kama cha swichi kinaonyesha soketi yenye swichi yake. Namba 2 pembeni ni soketi pacha, na ukikuta 300 pembeni, mara nyingi ni urefu kutoka sakafuni kwa milimita.

Soketi hazina mstari wa kuziunganisha na taa, na hazitakiwi kuwa nao. Zina breka yake, na kwa kawaida nyaya zake ni za milimita 2.5 za mraba, wakati za taa ni 1.5. Ramani ikionyesha mstari mmoja unaopita soketi na taa pamoja, rudi kwa mchoraji umuulize kabla ya kununua chochote.

Angalia pia tao la mlango. Kwenye ramani tao lile linaonyesha mlango unafungukia wapi, na swichi inatakiwa iwe upande wa kitasa. Ikiwa imechorwa upande wa bawaba, mlango ukifunguka utaifunika, na ni rahisi kuihamisha sasa kwa kufuta penseli.

Kwa ulivyoeleza, chumba chako kinataka holda moja ya dari, vibao viwili vya tuwei vya gengi moja, na soketi mbili, pacha au za kawaida kulingana na hiyo namba pembeni. Kufunga kwenyewe mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, wewe simama naye na ramani mkononi, na kabla plasta haijapigwa hesabu nyaya kwenye boksi la mlangoni na la kitandani. Ukikuta mbili badala ya tatu, msimamishe hapo hapo.